Traki imefika saa 3:40 usiku, geti la kambi limefungwa: advansi ni ya nani?

#1 KambiMtoWaMbu
Wakuu, salaam. Nasimamia kambi ndogo ya mahema Mto wa Mbu, wateja wetu wengi ni matraki ya watalii wanaoshuka kutoka Nairobi kwenda kusini. Nina kesi mezani, naomba busara zenu.

Ejenti alifanya buking ya kundi la wageni 22, usiku mmoja. Kulala ni sh 25,000 kwa kichwa, kwa hiyo 550,000. Walikodi mahema 6 ya watu wawili yenye magodoro, 20,000 kila hema, hiyo 120,000. Kuni za moto wa jioni 30,000. Jumla 700,000, wakalipa advansi ya asilimia 30, yaani 210,000. Dereva, mpishi na kiongozi hatuwatozi.

Masharti yetu yanasema geti linafungwa saa 3 usiku na utulivu unaanza saa 4. Traki ikafika saa 3 na dakika 40. Mlinzi hakufungua, alifuata karatasi. Wakaenda kulala kwingine. Sasa ejenti anataka advansi yote irudi, na tajiri wangu anataka wamalizie hata ile 490,000 iliyobaki, kwa hoja kwamba nafasi zilikaa tupu na mahema yalishasimamishwa tangu saa 10 jioni.

Nani ana haki hapa?

#2 Ngongongare
Ejenti hana haki hata chembe. Muda umeandikwa, amechelewa, basi. Ukichelewa boti ya Zanzibar, nahodha anakurudishia nauli?

#3 SukaniMojaKwaMoja
Mkuu #2, subiri kidogo. Nimeendesha traki za aina hiyo miaka mingi, siku ya Nairobi hadi Mto wa Mbu ndiyo siku mbaya kuliko zote za safari, na watu wa ofisini huwa hawaijui.

Mnatoka Nairobi saa 1 asubuhi kama wageni wote wameamka. Namanga ni kama kilomita 165, mnafika karibu saa 4. Pale wageni 22 wanapanga foleni ya viza, halafu cheti cha homa ya manjano, halafu traki nayo ina makaratasi yake. Siku njema inachukua saa moja na nusu. Siku mbaya, masaa manne. Namanga hadi Arusha ni kilomita 110 hivi. Arusha lazima msimame: mpishi anataka nyama na mboga, wageni wanataka kubadilisha hela na kununua laini. Kisha Arusha hadi Makuyuni kilomita 80, na Makuyuni hadi Mto wa Mbu kama 35 nyingine. Kila kijiji ni 50 kwa saa na trafiki yupo chini ya mti na tochi yake.

Piga hesabu. Siku njema unaingia kambini saa 11 au 12 jioni. Namanga ikikulia saa mbili na nusu za ziada, tayari ni saa 2 na nusu usiku. Pancha moja tu, umepitwa na geti. Kwa hiyo geti la saa 3 kwa kundi linalotoka Nairobi ni geti linalosubiri ugomvi.

#4 Kigingi
Sukani umesema. Ila hata simu hawakuwa nayo? Namanga mpaka Mto wa Mbu ni safari ya nusu siku na mtandao upo karibu njia yote. Kiongozi wa kundi angepiga saa 11 jioni akasema tumekwama, kesi ingeisha palepale.

#5 KambiMtoWaMbu
Walipiga, ila walipiga namba ya ofisi ya Arusha iliyo kwenye vocha. Ofisi inafungwa saa 11. Mlinzi getini ana simu yake binafsi, namba hiyo haiko popote.

#6 Kigingi
Aaah! Hapo mzigo umehama.

#7 Ngongongare
Haujahama popote. Namba waliyopewa waliipokea na kuikubali. Tena wanajua hifadhi zinavyofanya: geti la Naabi kule Serengeti likifungwa saa 12 jioni, nani anakupokelea simu? Unalala nje. Na kibali chao ni cha siku, usiku wa manane kimekufa, unalipa upya.

#8 Mwl. wa Nyika
Ngongongare umechanganya vitu viwili. Kibali cha Serengeti hakifi usiku wa manane, kinahesabiwa saa 24 tangu ulipoingia. Ukiingia Naabi saa 4 asubuhi kwa siku moja, unatakiwa uwe umetoka saa 4 asubuhi ya kesho. Ukizidisha, wanakuhesabia siku nyingine kwa watu wote na gari. Ndiyo maana utaona magari yanakimbizana kwenye vumbi kutoka Seronera kila asubuhi: ni kilomita kama 45 hadi Naabi na kila dereva anatazama saa.

Na sababu ya geti la hifadhi kufungwa ni tofauti na ya kwenu. Kule hakuna kuendesha gari usiku kwa sababu ya wanyama na ujangili. Kambi binafsi ya Mto wa Mbu, iliyoko kando ya lami na ukuta wake, inafunga kwa sababu ya usingizi wa wageni na mlinzi mmoja. Huwezi kuazima ukali wa hifadhi bila kuwa na sababu ya hifadhi.

#9 Mkenya wa Rongai
Afadhali huko kwenu. Huku Maasai Mara tangu Julai 2024 tiketi ni ya saa 12, si 24 tena. Saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, basi. Watu waliolala nje ya hifadhi walilia sana, kwa sababu zamani ungeingia mchana ukatoka, kesho asubuhi ukarudi na tiketi ileile.

#10 Toto la Kawe
Samahani wakuu, nimesoma juu juu. Mimi nataka kumpeleka mke wangu na watoto wawili kulala kwenye hema Kigamboni Pasaka. Mahema ya kukodi yapo? Na mtoto wa miaka minne analipa?

#11 Kigingi
Dogo hapa watu wanagombea laki mbili, wewe unaleta Pasaka 😂

#12 MamaHema
Toto la Kawe, kambi nyingi mtoto mdogo hulala bure, ila uliza kwanza kama hema linakodishwa kwa hema au kwa kichwa. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Nyie wanne mkikodi hema linaloitwa la watu wanne, jueni ni watu wanne bila begi hata moja. Chukueni mawili.

Sasa nirudi kwenye mada, maana mahema ndiyo kazi yangu, nakodisha Arusha. Mimi naona wote mmesahau swali muhimu: yale mahema 6 yalifanyiwa nini usiku ule? Yalisimamishwa saa 10 jioni, yakakaa na umande mpaka asubuhi, yakakunjwa. Kama yamekunjwa mabichi, baada ya siku tatu yana madoa meusi ya ukungu na harufu haitoki. Hiyo ni gharama halisi, haijalishi mgeni alilala ndani au hakulala. Kwa hiyo hela ya mahema na kuni mimi nisingerudisha. 120,000 na 30,000 ni 150,000. Advansi ilikuwa 210,000. Rudisha 60,000, na ile 490,000 sahau.

#13 KambiMtoWaMbu
Hesabu nzuri dada. Kuni lakini hazikuchomwa, zipo stoo.

#14 MamaHema
Basi kuni warudishie au wahesabie safari ijayo. Mimi nazungumzia hema.

Na kwa kuwa tumefika huko, masharti yenu ya hema yanasemaje kuhusu uharibifu? Nimeona masharti ya kambi nyingi, yameandika tu kwamba mteja atalipa uharibifu. Uharibifu upi? Kuna vitu vitatu vinavyoharibika: zipu, nguzo na matundu ya cheche. Zipu mara nyingi haiharibiwi na mgeni, inaliwa na vumbi. Ukiona kile kidude kinapita lakini meno yanaachia nyuma yake, hiyo ni zipu iliyochoka miezi mingi, usimtoze mgeni wa usiku mmoja. Nguzo ya faiba ikipasuka kwa urefu kama muwa, ni uzee na jua. Ikivunjika kwa kukatika, hapo mtu aliikanyaga au aliilazimisha. Tundu la cheche ni duara dogo lenye ukingo mgumu ulioyeyuka, halina ubishi, hilo ni la moto.

Mimi namsimamishia mteja hema mbele ya macho yake, anafungua na kufunga zipu zote mwenyewe, napiga picha, ndipo anasaini. Matraki yanapenda kuchukua yakiwa yamekunjwa ili kuwahi. Sikubali.

#15 NyamaChoma Karatu
Hiyo ya cheche imenikumbusha. Pale kwetu kundi moja lilikoka moto upande upepo unakotoka, mahema yako kama hatua nne chini ya upepo. Asubuhi mahema matatu yana matundu kwenye lile turubai la juu. Kiongozi wao akasema mmetuonyesha wenyewe mahali pa moto. Na kweli shimo la moto lilikuwa la kambi, lenye mawe yake. Tukakosa la kusema.

#16 Mwl. wa Nyika
Na ndiyo maana sharti la moto lisiishie kusema moto unaruhusiwa mahali palipotengwa tu. Liseme na mahema yasimame wapi. Upepo wa jioni wa Mto wa Mbu nyie mnaujua unakotoka. Mgeni haujui.

Jingine ni kuni. Ndani ya hifadhi kuokota kuni ni kosa, unakwenda na zako au na gesi. Lakini nje pia, wageni wanapenda kusimamisha traki njiani na kukusanya matawi. Kambi iseme wazi kuni zinanunuliwa kwetu, na nyie mjue muuzaji wenu anazitoa wapi, maana siku ofisa misitu akija atakuuliza wewe, si mgeni.

#17 Sungusungu wa Zamu
Mimi ni mlinzi wa kambi, si hiyo ya mleta mada. Naomba niseme upande wetu.

Moto hauzimwi kwa mchanga. Wageni wanaupenda mchanga kwa sababu wameona kwenye picha. Ukifukia makaa ya mgunga, yanakaa moto chini mpaka asubuhi, mtoto wa mpishi anapita pekupeku anaungua. Unamwaga maji, unachanganya kwa koleo, unamwaga tena, mpaka ukiweka kiganja juu huhisi joto. Nani anafanya hiyo kazi saa 4 usiku? Mlinzi. Huyohuyo ndiye afungue geti, azuie mbwa, aonyeshe choo kilipo. Hivyo nikiambiwa geti saa 3, nafunga saa 3. Nikifungua saa 3:40 na kesho asubuhi mtalii mwingine akalalamika kelele, anayekatwa mshahara si ejenti.

Yule mlinzi msimlaumu.

#18 SukaniMojaKwaMoja
Hakuna anayemlaumu mlinzi, kaka. Shida ni karatasi aliyopewa.

Na kuhusu kelele, kuna kitu kambi nyingi hazikielewi kuhusu traki. Wanaandika utulivu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, halafu wanashangaa traki inawashwa saa 10 na nusu alfajiri. Breki za traki zinafanya kazi kwa upepo. Gari likilala usiku kucha, upepo unapungua kwenye matangi, na bila upepo breki ya kuegesha haiachii. Lazima injini iungurume pale pale dakika kadhaa mpaka geji ipande, ndipo gurudumu lizunguke. Si dereva anafanya ujeuri. Mgeni aliye kwenye hema mita kumi kutoka kwenye bomba la moshi hataki kusikia hadithi hiyo, anataka kulala.

Dawa yake ni eneo la kuegesha. Traki inayoondoka alfajiri iegeshwe usiku karibu na geti, kichwa kikitazama nje, mbali na mahema, isihitaji kurudi nyuma na ile king'ora chake. Na sharti liseme: anayeondoka kabla ya saa 12 atoe taarifa jioni ili apangiwe sehemu. Kambi moja tu njia hii ya kaskazini nimewahi kuona wanauliza hilo wakati wa buking.

#19 Ngongongare
Kwa hiyo traki ina haki ya kuunguruma saa 10 alfajiri lakini haina kosa kuchelewa saa 3:40? Madereva mnajipendelea.

#20 SukaniMojaKwaMoja
😂 Njoo uendeshe wewe.

#21 Mkenya wa Rongai
Mimi nauliza, hayo masharti yako kwa saa za Kiswahili ama za Kizungu? Nilishaona wageni wamefika geti la kambi moja saa tisa mchana wakiambiwa wamechelewa, kisa vocha ilisema 3 wakadhani ni mchana. Andikeni 21:00 na yaishe.

#22 KambiMtoWaMbu
Yameandikwa 21:00, hilo tuko salama.

#23 Binti Makuyuni
Nimefanya kazi ya buking kwenye ofisi ya safari, nipo upande wa ejenti kidogo. Kwenye kazi yetu muda wa geti na muda wa kuingia ni vitu viwili. Muda wa kuingia unasema lini hema liko tayari na mapokezi yana mtu. Muda wa geti unasema lini mlango wa nje hauwezi kufunguka kabisa. Nyinyi mmeweka saa moja kwa yote mawili. Ejenti akisoma 21:00 anadhani ni mapokezi kufungwa, kwamba akifika baadaye atamkuta mlinzi, atalala, atajiandikisha asubuhi.

Tulikuwa tunaandika hivi: mahema tayari kuanzia saa 8 mchana, atakayefika baada ya saa 1 usiku apige namba ya geti, kati ya saa 3 na saa 5 usiku geti linafunguliwa kwa waliopiga tu, bila moto wala muziki, na mahema ya kukodi mtayakuta yamesimama, baada ya saa 5 hakuna kuingia na usiku wa kwanza haurudishwi. Hatukuwahi kugombana na mtu kwa sharti hilo.

#24 Sungusungu wa Zamu
Saa 5 usiku kwa mlinzi mmoja? Muongeze na posho basi.

#25 Binti Makuyuni
Kweli kabisa, na bei ya kuchelewa iwepo, iende kwa mlinzi.

#26 Mzee wa Lodoare
Nasoma tu. Kuhusu utulivu, msiwaahidi wageni kitu msichokuwa nacho. Mto wa Mbu si Seronera. Kuna baa, kuna harusi, kuna adhana, kuna jogoo wa jirani. Mgeni mmoja alidai hela yake kwa sababu masharti yalisema saa za utulivu, na ukumbi wa jirani ukapiga muziki mpaka saa 8 usiku. Kilichoandikwa kinatakiwa kiwe wageni wa kambi watakaa kimya, si kwamba kutakuwa kimya.

Na kule Seronera kwenyewe, kwenye kambi za Pimbi au Nyani, hakuna uzio, usiku fisi anapita kati ya mahema kutafuta viatu vya ngozi. Huko utulivu watu wanautunza wenyewe 😄

#27 Toto la Kawe
Fisi anakula viatu??

#28 Mzee wa Lodoare
Kigamboni hayupo, lala salama.

#29 Ngongongare
Turudi kwenye hela. Wengine mnasema arudishe 60,000, wengine yote. Je kama mahema yale na zile nafasi zingechukuliwa na kundi jingine usiku uleule? Mleta mada hajasema kama alikataa wateja.

#30 KambiMtoWaMbu
Nilikataa gari mbili za Wajerumani wanaojiendesha, watu wanne, saa 11 jioni. Si kwamba kambi ilijaa, ila mahema ya kukodi yalikuwa yameisha na wao hema lao moja lilikuwa limevunjika nguzo.

#31 MamaHema
Hema moja kati ya 6, kwa hiyo. Hasara ya kweli ni watu wanne, laki moja, na hema moja. Bado haifiki 490,000.

#32 Ngongongare
Bado ni hasara iliyosababishwa na mwingine.

#33 Binti Makuyuni
Mwingine aliyepiga simu ofisini ikaita bila kupokelewa. Tunazunguka hapohapo.

#34 Kigingi
Swali la pembeni: bei zenu kwenye vocha ni shilingi au dola? Maana tangu Machi 2025 kuna kanuni za kuzuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu ndani.

#35 KambiMtoWaMbu
Shilingi. Ejenti yeye anawauzia wageni kwa dola huko kwao, hilo lake.

Leo mchana tajiri kashuka kidogo. Yuko tayari kubaki na 210,000 na kuachana na ile 490,000. Ejenti naye amesema ana kundi jingine la watu 18 mwezi ujao, kutoka Nairobi tena, anataka 210,000 ihamie huko. Tajiri anakubali 90,000 tu ihamie, yaani kuni na 60,000 ya MamaHema. Bado wanavutana.

#36 SukaniMojaKwaMoja
Watu 18 kutoka Nairobi siku hiyohiyo moja? Mwambie alaze kundi Arusha usiku wa kwanza, kisha aje kwenu kesho yake saa 6 mchana. Asipokubali, namba ya mlinzi iandikwe kwenye vocha kwa wino mwekundu.

#37 Sungusungu wa Zamu
Na vocha ya simu mumnunulie.

#38 Ngongongare
Mimi ningebaki na yote na kundi la 18 lisije kabisa.

#39 MamaHema
Ndiyo maana wewe huna kambi 😂 Mleta mada, yale mahema 6 ulishayaanika?